Usilirekebishe daftari la duka unapolichapa

Wiki moja baada ya kumaliza kuchapa kwenye kompyuta daftari la madeni la duka la mjomba wangu, mama mmoja alikuja dukani akasimama mbele ya kaunta bila kuagiza kitu. Alikuwa amefuatwa nyumbani kudaiwa shilingi 16,200 ambazo hakukopa. Deni lake mwenyewe alishalimaliza. Kwenye daftari wameandikwa watu wawili, "Mama Somoe" na "M/Somoe kisimani", nami kwa kutaka jedwali liwe safi nikawafanya mtu mmoja. Kwetu Tandahimba Somoe ni jina la kila mtaa, na mjomba aliongeza hilo neno "kisimani" kusudi asiwachanganye. Nililifuta mimi. Tulimwomba radhi, akapokea, lakini alikuwa ameshadaiwa majirani wakisikia.

Tangu siku hiyo nimeshika msimamo mmoja, na najua wengi wanaochapa kazi za watu hawaupendi kwa sababu unachelewesha: kunakili ni kazi moja, kusahihisha ni kazi nyingine, na zisifanyike kwa pamoja. Unayesahihisha huku unachapa unaacha jedwali linalopendeza, lakini kosa lako halionekani tena popote.

Kwa hiyo sasa kila mstari wa daftari naupa mstari mmoja wa jedwali, nikianza na namba ya ukurasa na namba ya mstari ndani ya ukurasa huo. Jina lina kolamu mbili. Ya kwanza ni jina kama lilivyoandikwa, hata kama ni "M/Somoe kisimani" au "Mohamedi" leo na "Muhamed" kesho. Ya pili naiacha tupu mpaka nimalize daftari zima, ndipo nikae na mwenye duka tuijaze kwa namba ya mteja. Yeye ndiye anayejua kwamba Mohamedi na Muhamed ni kijana mmoja, na kwamba kina mama Somoe ni wawili. Na pale palipoandikwa "ameripa" naacha "ameripa". Neno sanifu litakaa kwenye kolamu ya hali, pembeni yake.

Hiyo kolamu ya hali nayo niliijua kwa kukosea. Mara ya kwanza niliruka mistari yote iliyopigwa mstari katikati, nikidhani ni makosa yaliyofutwa. Mjomba aliponiona akaweka mkono juu ya ukurasa. "Niliyempigia mstari kalipa, mjomba. Nikikosea nasugua kalamu mpaka pasisomeke." Nilikuwa nimetupa malipo ya miezi mitatu. Kila mwenye duka ana alama zake, na ni lazima umuulize kabla hujachapa hata ukurasa mmoja: mstari katikati maana yake nini, tiki maana yake nini, duara je, na vile vialama viwili chini ya tarehe vinarudia tarehe peke yake au na bidhaa pia.

Sasa nikuonyeshe ukurasa wenyewe wa M/Somoe wa kisimani, maana ndani yake yamo karibu mambo yote. Tarehe 4/3 mchele kilo 2, shilingi 5,000. Chini yake vialama viwili, sabuni 1,000. Tarehe 7/3 sukari 1/2, 1,500. Tarehe 11/3 unga kilo 5, 7,500. Tarehe 15/3 mafuta robo, 7,200. Chini mjomba ameandika Jumla 16,200. Nilivyochapa mimi, kompyuta ilileta 22,200.

Hapo ndipo mtu anashawishika kuifuta jumla ya daftari na kuweka ya kompyuta. Usifanye hivyo. Jumla ya mwenye duka ndiyo mizani yako ya kupimia macho yako. Toa moja kwenye nyingine: tofauti ni 6,000. Tofauti ya 6 yenye sifuri zake, yaani 600 au 6,000, mara nyingi ni 1 na 7 zilizobadilishana, kwa kuwa 7 kutoa 1 ni 6. Ingekuwa tofauti inayogawanyika kwa 9, ningetafuta tarakimu zilizopishana, kama 5,400 kuchapwa 4,500, au sifuri iliyodondoka, kama 5,000 kuchapwa 500.

Kwenye ukurasa huu palikuwa na 7 mbili za kushukiwa: unga 7,500 ungeweza kuwa 1,500, na mafuta 7,200 yangeweza kuwa 1,200. Yoyote kati ya hizo ukiibadilisha peke yake, jumla inakuwa sawa na ya daftari, kwa hiyo jumla peke yake haitoshi. Nikarudi kwenye kiasi. Kilo 5 za unga kwa 1,500 ni 7,500, basi unga umesimama. Mafuta robo kwenye kurasa nyingine za mwezi huo yameandikwa 1,200 kila mahali. Mjomba huanza 1 yake kwa kimkia kirefu, na pale kalamu ilikuwa imeteleza. Nikaandika 1,200 kwenye kolamu ya bei iliyosahihishwa, na 7,200 nikaiacha palepale kwenye kolamu ya nilivyosoma.

Kompyuta nayo ina makosa yake, na haya hayamo kwenye daftari kabisa. Ukichapa sukari 1/2 kwenye Excel, inaigeuza kuwa tarehe, kwa hiyo chapa 0.5. Ukichapa 4/3 kwenye mashine iliyopangwa kimarekani inasoma Aprili 3, na mwaka inaweka wa siku unayochapa. Ishara utaiona kwa macho: 4/3, 7/3 na 11/3 zimeegemea kulia kama tarehe, halafu 15/3 imebaki kushoto kama maneno, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15. Mimi huandika tarehe nzima, 2023-03-15, na mwaka nauthibitisha kwa mwenye daftari. Madaftari yetu huku hufunguliwa msimu wa korosho na kuvuka mwaka mpya, na mwaka umeandikwa kwenye jalada tu.

Bei nazo zichapwe tarakimu tupu. Ukiacha "1,200/=" kompyuta inaiona ni neno, inairuka kwenye kujumlisha, wala haikwambii. Kama bei ziko kolamu ya G, mstari wa 2 hadi wa 61, idadi ya zilizochapwa kama maneno utaipata hivi:

```
=COUNTA(G2:G61)-COUNT(G2:G61)
```

Jibu likiwa 0, kila bei ni namba. Likiwa 3, kuna tatu zilizorukwa, zitafute.

Kuna kolamu moja nimeigombania mpaka mjomba akaikubali, ya ahadi. Pembeni ya madeni mengi ameandika "korosho" tu, bila bei wala kilo. Mtu asiye wa huku angeiweka kwenye bidhaa. Maana yake ni kwamba mkopaji atalipa fedha za mnada zikiingia, na nimeiandika vilevile, "korosho", bila kuibadilisha kuwa tarehe. Mnada haungojei kalenda yangu.

Nilipomaliza mara ya pili tulikaa barazani jioni mbili, yeye akisoma daftari kwa sauti na mimi nikifuata kwenye jedwali. Mistari 11 nilikuwa nimeiwekea alama ya kuuliza. 9 aliitambua mara alipoiona. Miwili ilikuwa imelowa maji ya mvua, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa taa akaniambia hata yeye haioni. Kwenye jedwali imeandikwa "haisomeki", ukurasa wa 34, mstari wa 6 na wa 7, na hakuna mtu anayedaiwa kwa ajili yake.