Ovaroli inakulinda wewe, jirani je?

Wengi wanaotaka kuanza na mzinga mmoja wa nyuki hapa Nairobi huniuliza kwanza bei ya ovaroli. Mimi naona swali la kwanza ni mahali. Ovaroli inakulinda wewe tu. Jirani hana ovaroli, na mbuzi wake aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Nilijifunza kwa uchungu. Mzinga wangu wa kwanza, wa vipau, yaani vijiti vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega, niliuweka kwenye kona ya shamba letu Ruai, mlango ukitazama njia ya watu. Nikaufungua saa saba mchana, nimevaa kila kitu. Mimi sikuguswa. Nyuki walimvamia mbuzi wa jirani, na jioni hiyo akafa. Nilimlipa, lakini kilio cha yule mbuzi bado nakisikia.

Sasa mzinga uko mwisho kabisa wa shamba, nyuma ya ua wa kayaba mrefu kuliko mtu. Nyuki wakitoka hulazimika kupaa juu, wakapita juu ya vichwa vya watu. Umening'inizwa kwa waya usawa wa kiuno, na waya umepakwa grisi ili siafu wasipande. Maji yako karibu, yenye mawe ya kutua, wasiende kuyatafuta kwenye mtungi wa jirani. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 iliyozungukwa na nyumba, ushauri wangu ni mmoja: usiweke.

Mavazi yawe ya rangi nyeupe au hafifu, wavu usiguse uso, na suruali ivaliwe nje ya gambuti, ifungwe kwa mpira. Nyuki akipata upenyo kwenye kifundo cha mguu, atapanda ndani.

Siku hizi nafungua jioni, giza likikaribia, watu na mifugo wakiwa ndani. Napuliza moshi mlangoni mara tatu nne, nasubiri dakika mbili, kisha naanza na kipau cha pembeni, mbali na watoto wa nyuki. Sega nalishika wima wakati wote. Sega changa lililojaa asali ukililaza ubavu, linakatika na kuanguka, na hapo nyuki wote wanawaka. Navuna tu lililozibwa kwa nta karibu lote.

Tumia pua pia. Mwiba ukiingia hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Ukwangue haraka kwa ukucha, upulizie moshi hapo. Harufu ikizidi na mvumo ukipanda, funga mzinga, urudi siku nyingine. Na usikimbilie nyumbani nao wakikufuata. Simama kwenye vichaka mpaka waache.

Mtu akiumwa kisha akavimba uso au akashindwa kupumua, hospitali ni saa hiyo hiyo, hata kama ni mwiba mmoja.