Jina refu, folda chache: utaratibu wa faili za bei zilizosafishwa

"Folda tayari inaonyesha mwaka, mwezi na mkoa. Kwa nini jina la faili liyarudie yote? Tungeandika safi.csv tu, tukamaliza."

Hoja ina uzito. Jina fupi halichoshi kuandika, na skripti ya uchambuzi haibadilishwi kamwe. Tatizo ni kwamba faili haikai ndani ya folda yake. Mtu huituma kwa barua pepe au WhatsApp, na aliyeipokea anabaki na safi.csv isiyojulikana ni ya Mwanza au ya Dodoma. Hata Excel inagoma kufungua kwa wakati mmoja faili mbili zenye jina moja, hivyo kulinganisha mikoa miwili huanza na kubadilisha majina, na hapo ndipo makosa huingia. Kwa hiyo jina linabeba utambulisho wote, na folda zinabaki chache:

```
bei_soko/
  0_ghafi/
  1_skripti/
  2_safi/2024/bei_tz02_2024-03_safi_v03.csv
  3_matokeo/
  mabadiliko.csv
```

Jina lina sehemu tano, na kila sehemu hutengwa na inayofuata kwa kistari cha chini. Ndani ya sehemu yenyewe kistari hicho hakitumiki, la sivyo skripti inayokata jina itapata vipande sita. tz02 ni Dar es Salaam kwa mfumo wa ISO 3166-2. Mwanza ni tz18. Herufi tz zimewekwa pia kwenye safu ya mkoa ndani ya faili kwa makusudi: ukiandika 02 peke yake, Excel huigeuza 2, na kuunganisha majedwali kunakwama. Herufi zote ni ndogo kwa sababu Linux huona Bei na bei kuwa faili mbili, ilhali Windows huziona moja.

2024-03 ni mwezi ambao bei zilikusanywa, si siku ya kusafisha. Mwaka ukitangulia, faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Anayetaka kujua faili imesafishwa lini aangalie mabadiliko.csv, asitegemee tarehe inayoonyeshwa na kompyuta, kwani ukishusha faili kutoka mtandaoni tarehe hiyo mara nyingi huwa ya siku ulipoishusha.

Ubishi wenyewe uko kwenye toleo. Sifuri ya v03 inaonekana ya kupita kiasi, hasa kwa wanaotazama folda kwenye Windows, ambako v2 hutangulia v10 kama inavyotakiwa. Lakini R na Python hupanga majina herufi kwa herufi, kwa hiyo v10 hukaa kabla ya v2. Skripti inayochukua faili ya mwisho itaendelea kusoma v9 hata v10 ikiwepo, wala haitatoa onyo lolote. Aliyefungua folda kwa macho ataapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Namba hupanda pale tu thamani, mstari au safu inapobadilika. Tuseme faili ya Machi ina mistari 200 ya mahindi, 196 ikiwa shilingi 900 kwa kilo, na mistari minne imeandikwa 90,000 kwa sababu mkusanyaji alijaza bei ya gunia la kilo 100. Wastani wa v02 unatoka 2,682. Mistari hiyo minne ikigawanywa kwa 100, v03 inatoa 900. Kama faili ingeitwa safi.csv siku zote, ripoti ya jana na ya leo zingetofautiana karibu mara tatu bila mtu kujua sababu. Kwa jina lenye toleo, skripti hutaja waziwazi iliyosoma:

```
bei <- read.csv("2_safi/2024/bei_tz02_2024-03_safi_v03.csv")
```

Gharama yake ni kubadilisha mstari huo kila toleo jipya linapotoka, na atakayesahau atabaki na namba za zamani. Hata hivyo kosa hilo linasomeka kwenye skripti. Lile la safi.csv halisomeki popote. v02 haifutwi wala kuandikwa juu yake, na maneno kama mpya au mwisho hayaingii kwenye jina, kwani huwa hayakosi mwisho2.

Pale utaratibu huu unapopwaya kweli ni kwenye seti nzima. Dar es Salaam ikifika v03 na Mwanza ikabaki v02, namba hizo hazisemi zipi zinakwenda pamoja, na anayeunganisha mikoa yote huenda akadhani ya Mwanza imesahauliwa. Kupandisha mikoa yote kwa pamoja kungeondoa shaka hiyo, ila kungezaa faili nyingi zisizo na tofauti yoyote ndani. Kwa sasa kila jedwali la pamoja linaloingia 3_matokeo linaambatana na faili ya maandishi yenye orodha ya majina kamili ya faili ambazo jedwali hilo limetokana nazo.