Ampuli mbili zisikutane: dawa ya ganzi ya mgongo na dawa ya kuzuia damu

“Mfamasia, nimesoma pendekezo lako la kuiondoa traneksamiki tieta. Mama akianza kutoka damu saa nane usiku, mimi nataka dawa iwe mkononi, siyo koridoni. Kwani tukibandika stika nyekundu kwenye ampuli haitoshi?”

Tanga

Ndugu Meneja,

YAH: KUTENGANISHA ASIDI YA TRANEKSAMIKI NA BUPIVAKEINI

Salaam. Nianze na upande wako, kwa sababu una nguvu. Asidi ya traneksamiki, ile ya kuzuia damu, ni dawa ya kukimbizana na saa. Hutolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue, na takwimu za maelfu ya wagonjwa zilizochambuliwa kwa pamoja zinaonyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Zikishapita saa 3, faida haipo tena. Kutoka damu baada ya kujifungua si jambo la nadra, ilhali kosa ninaloliogopa mimi ni la nadra. Mtu akiyaweka mawili haya kwenye mizani haraka haraka, ataiacha dawa palepale ilipo, kwenye droo ya toroli ya usingizi.

Ila kosa lenyewe likitokea, halina njia rahisi ya kurudi. Mtoa usingizi anakusudia kuchoma bupivakeini, dawa ya ganzi, kwenye maji ya uti wa mgongo, kumbe ndani ya sirinji mna traneksamiki. Dawa hiyo ikifika huko huzuia ishara zinazozituliza neva, na neva huanza kufyatuka ovyo. Katika matukio yaliyoripotiwa kwenye majarida ya kitabibu, takriban nusu ya wagonjwa walifariki. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu kosa hili hili na kushauri traneksamiki ihifadhiwe mbali na toroli ya dawa za usingizi, ikiwezekana nje kabisa ya chumba cha upasuaji.

Tuziangalie ampuli zenyewe. Bupivakeini nzito ya mgongo huja kwenye ampuli ya mililita 4, na traneksamiki kwenye ampuli ya mililita 5 yenye miligramu 500. Mara nyingi zote mbili ni kioo cheupe chenye maji yasiyo na rangi, na zikiwa kiganjani tofauti ya mililita moja haionekani. Jina huwa limechapwa kwenye kioo chenyewe kwa herufi ndogo, kwa wino mweupe au wa buluu. Ukiitazama chini ya taa ya dari, maandishi ya upande wa mbele huchanganyika na ya upande wa nyuma yanayopenya kwenye maji. Ili usome vizuri inabidi uigeuze ampuli na kuiegemeza kwenye kitu cheusi, na saa nane usiku watu wachache hufanya hivyo. Mtu husoma kile anachokitarajia kukiona.

Halafu kuna sababu ya pili, ambayo huwa haizungumzwi sana. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ubaridi wenyewe umeitenga na wenzake. Bupivakeini na traneksamiki zote zinakaa nje ya friji, chini ya nyuzi 30. Bila mtu kupanga, zinaangukia rafu moja ya sindano, trei moja, na mwishowe droo moja.

Sasa stika nyekundu. Siikatai, ninachokataa ni iwe ndiyo kinga yenyewe. Ampuli ni ndogo, na stika inayoonekana vizuri itafunika namba ya toleo au tarehe ya kuisha muda, na vyote viwili tunavihitaji. Kwa unyevu wa pwani gundi hulegea, na siku stika moja ikibanduka, ampuli isiyo na stika itasomeka kama ndiyo ile nyingine, yaani salama. Kuna pia suala la kuwategemea watengenezaji. Shehena ya mwezi huu inaweza kuwa na pete ya buluu shingoni, na ya mwezi ujao, kutoka kiwanda kingine, ikaja na pete ya rangi ileile iliyo kwenye bupivakeini. Watumishi waliozoea kuchukua kwa rangi watachukua kwa rangi. Stika ibandikwe kwenye boksi, iandikwe “MSHIPA TU”, basi.

Kinga iliyobaki ni mahali. Dawa isiyokuwepo kwenye trei haiwezi kuvutwa kwa makosa. Ninachopendekeza ni hiki.

Tununue visanduku 3 vya plastiki vyenye mfuniko unaoonyesha ndani. Kila kimoja kiwe na ampuli 4 za traneksamiki zikiwa kwenye boksi lake la asili, sirinji 2 za mililita 10, sindano za kuvutia, na kadi ya dozi. Ampuli 2 ni gramu 1, yaani mililita 10, inayoingia kwenye mshipa polepole kwa dakika 10, mililita moja kwa dakika. Ikisukumwa haraka inaweza kushusha presha. Ampuli 2 nyingine ni za dozi ya pili, kama damu bado inatoka baada ya dakika 30, au imesimama kisha ikarudi ndani ya saa 24. Kisanduku kifungwe kwa lakiri ya plastiki yenye namba. Kufuli hapana, ufunguo hupotea usiku uleule unaohitajika. Lakiri inakatwa kwa kuvuta, na ikikatwa kila mtu anaona.

Kisanduku cha kwanza kikae leba. Cha pili kining’inie ukutani koridoni, upande wa nje wa mlango wa tieta, mahali jua la dirishani halifiki. Cha tatu kibaki famasi kikiwa kimejazwa. Kikitumika kimoja, watu wa zamu hawajazi ampuli, wanabadilisha kisanduku kizima. Naomba tulishike hili kwa mikono miwili, kwa sababu mpango kama huu huharibikia kwenye kujaza. Mtu mwema anaokota ampuli iliyobaki mezani, anaitia kwenye boksi lililo karibu, na kuanzia hapo boksi linadanganya. Ampuli yoyote iliyotoka kwenye boksi lake iende kwenye trei ya marejesho, hadi mtu wa famasi aisome mchana. Kujaza kufanywe famasi, mtu wa pili asome na kusaini, na namba ya lakiri iandikwe kwenye daftari.

Bupivakeini nayo ibaki kwenye pakiti ya ganzi ya mgongo tu, ampuli 1 kwa mgonjwa 1.

Tuupitishe usiku mmoja kwenye mpango huu. Mama yuko mezani, amekaa, mgongo umeinama. Toroli ina bupivakeini peke yake. Muuguzi anayezunguka anaivunja ampuli na kuishikilia, lebo ikimwelekea mtoa usingizi aliyevaa glavu safi. Mtoa usingizi anasoma kwa sauti jina, nguvu na tarehe, muuguzi anarudia, ndipo inavutwa. Sindano ya mgongo inatoka, miguu inakuwa mizito, upasuaji unaanza. Mtoto ametoka, mfuko wa uzazi umelegea, damu inazidi. Oksitosini inaendelea, mfuko unasuguliwa, na mpasuaji anaita traneksamiki. Muuguzi anafungua mlango, anavuta kisanduku, anarudi. Kuanzia hapo hakuna anayehitaji bupivakeini, na ampuli yenye traneksamiki imeingia chumbani wakati hakuna tena sindano inayoelekea mgongoni.

Kwa hiyo kanuni ni moja: kisanduku hakiingii tieta kabla ganzi haijashika. Mtoa usingizi anayetaka kuivuta mapema “iwe tayari” anazirudisha ampuli mbili pamoja katika dakika ileile ya hatari.

Gharama ya mlango huo ni nini? Kama kwenda na kurudi kunachukua dakika moja, ni sehemu moja ya kumi na tano ya ule muda unaopunguza asilimia 10, yaani chini ya asilimia moja ya faida. Hiyo naiona ni bei tunayoweza kuilipa. Hofu yangu kubwa zaidi ni mikono. Zamu ya usiku ina muuguzi mmoja tu wa kuzunguka, na akitoka, wakati huo hakuna wa kufungua dripu wala kupiga simu ya damu. Hapo hoja yako inasimama, na sitaki kuipuuza. Ndiyo sababu nimetaka kisanduku kiwe mlangoni kabisa, siyo famasi wala ofisini kwa msimamizi wa zamu.

Kutenganisha hakumalizi kila kitu. Boksi lenyewe likijazwa vibaya, mahali hapatatuokoa. Kwa hiyo naongeza jambo dogo lisilo na gharama: ampuli tupu zisitupwe kwenye boksi la ncha kali hadi upasuaji uishe, zibaki kwenye trei. Ganzi isiposhika, mazoea ni kuchoma mara ya pili. Kabla ya kuchoma tena, ampuli tupu isomwe. Mama akilalamika maumivu makali ya mgongo au makalio dakika chache baada ya sindano, miguu ikaanza kuruka yenyewe, presha na mapigo yakapanda, hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa ganzi iliyokataa. Degedege linaweza kufuata. Msaada uitwe hapohapo, degedege lidhibitiwe, njia ya hewa ilindwe, na hospitali ya rufaa ya Bombo wapigiwe simu wakati matibabu yanaendelea, pasipo kungoja dalili zote zikamilike. Tukio liripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa, hata kama mama amepona.

Ninachoomba kwako ni idhini ya visanduku na lakiri, na ruhusa ya kufanya jaribio wiki hii kwa zamu ya usiku yenye watu wale wale tulionao. Muuguzi wa zamu aitwe akiwa kwenye nafasi yake ya kawaida, saa ihesabiwe tangu neno “traneksamiki” litamkwe hadi ampuli ziwe mezani, mara tatu, taa za koridoni zikiwa kama zilivyo usiku. Ikizidi dakika mbili, au ikionekana kazi ya mezani imesimama kwa sababu ametoka, nitakubali kisanduku kiingie ndani. Kitafungwa kwenye ukuta wa upande wa meza ya mtoto, mbali na toroli ya usingizi, lakiri ikiwa ileile, na hakitafunguliwa kabla ganzi haijashika. Droo ya toroli siwezi kuikubali.

Wako katika kazi,

Mfamasia