Kabla ya Kufuta Bei ya Kitu Kimoja Kimoja

"Nikifuta bei za kitu kimoja kimoja kwenye orodha na kubaki na vifurushi tu, wastani wa manunuzi kwa kila mteja utapanda?"

Utapanda, tena karibu kila mara. Utapanda hata pale biashara inapopoteza fedha, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Wastani huongezeka kwa njia mbili: ama mteja ametoa zaidi kwa hiari yake, ama mteja wa kiasi kidogo ameondoka na hakuhesabiwa. Ripoti ya mwezi huandika namba moja kwa hali zote mbili.

Mjadala huu kwa kawaida una pande mbili. Upande mmoja unataka orodha ya vifurushi vitupu, ngazi ya chini, ya kati na ya juu, kila mtu achague moja. Upande wa pili unasisitiza kwamba bei ya kitu kimoja ibaki kando ya kifurushi. Hawa wa pili huonekana wazito wa kubadilika, kana kwamba wanaogopa kuuza. Naona hawajasikilizwa vizuri, kwa sababu hoja yao ni ya hesabu, wala si ya woga.

Tumchukue mpiga picha anayeuza vitu viwili: kikao cha kupiga picha, ambacho mteja hupewa mafaili yake, na albamu iliyochapwa. Kikao kinamgharimu 30 kwa muda na vifaa, albamu inamgharimu 40 kwa karatasi, uchapaji na ujalidi. Sarafu iwe yoyote. Wanaomuulizia bei ni watu 100, wa makundi matatu. Thelathini wanataka picha za kuweka kwenye simu: kikao wako tayari kukilipia hadi 110, lakini albamu kwao haizidi thamani ya 20. Thelathini wengine wana picha zao tayari na wanachotaka ni albamu: wataitolea hadi 110, na kikao hawakitolei zaidi ya 20. Arobaini waliobaki wanavipenda vyote viwili kwa kiasi, kila kimoja hadi 80.

Akiuza kimoja kimoja tu, bei yenye faida kubwa ni 80 kwa kila kitu. Vikao 70 vinauzwa, albamu 70 zinauzwa. Anakusanya 11,200, na akitoa gharama anabaki na 6,300. Wastani wa kila mteja ni 112.

Sasa afute bei hizo, abaki na kifurushi kimoja cha vyote viwili kwa 130. Watu wote 100 wananunua, maana hata wale wa picha tu wanajumlisha 110 na 20. Wastani unaruka hadi 130. Lakini gharama ni 70 kwa kila mtu, kwa hiyo faida ni 6,000. Imeshuka, na wala hakuna mteja hata mmoja aliyekimbia. Hasara imetoka wapi? Imetoka kwenye albamu 30 zilizochapwa kwa 40 kila moja, zikapewa watu wanaoziona zina thamani ya 20. Kila albamu ya namna hiyo ni 20 iliyotupwa. Vikao 30 walivyopewa wale waliotaka albamu tu vina kasoro hiyo hiyo, ila hapo kinachopotea ni 10 kwa kila kikao.

Akitamani zaidi akapandisha kifurushi hadi 160, wanabaki wale arobaini tu. Wastani ni 160, wa juu kuliko wote, na faida ni 3,600. Tazama mfululizo huo: wastani 112, 130, 160, faida 6,300, 6,000, 3,600. Anayeongoza biashara kwa kutazama namba ya kwanza anashuka ngazi huku akiamini anapanda.

Njia ya tatu ni kuweka vyote kwenye orodha moja: kikao 110, albamu 110, vyote viwili 160. Tuseme bei zipungue kidogo chini ya hapo ili mteja asisite, lakini hesabu ni ile ile. Wapenda picha wananunua kikao peke yake, wapenda albamu wananunua albamu peke yake, na wale arobaini wanachukua kifurushi. Makusanyo ni 13,000 na wastani ni 130, sawasawa na ile orodha ya kifurushi kitupu cha 130. Ila faida sasa ni 8,100 badala ya 6,000. Wastani ni ule ule, na tofauti iliyo mfukoni ni 2,100. Ningependa kila mwenye orodha ya bei aikalie namba hii kabla hajafuta mstari wowote.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1976 wanauchumi William James Adams na Janet Yellen, huyu ambaye baadaye aliongoza benki kuu ya Marekani, waliandika makala iliyoonyesha kwa nini kuuza kifurushi pamoja na vipande vyake mara nyingi hushinda njia nyingine mbili. Kifurushi kinawafaa wanaopenda vitu vyote kwa kiasi, na bei ya kipande inamfaa anayekipenda kimoja sana na kukidharau kingine. Ukimlazimisha huyu wa pili kuchukua vyote, ama unampoteza ama unamtengenezea kitu asichokithamini hata kwa gharama yake.

Kutoka hapo inapatikana kanuni inayoweza kutumika bila kujua kilichomo moyoni mwa kila mteja. Tazama hatua, yaani tofauti kati ya bei ya kipande na bei ya kifurushi. Katika orodha ya tatu, anayetoka kwenye kikao kwenda kwenye kifurushi anaongeza 50, na albamu inagharimu 40. Hatua imezidi gharama, kwa hiyo kila anayepanda anapanda kwa faida. Kama hatua ingekuwa 30, kila anayepanda angekuongezea wastani na kukupunguzia fedha. Ngazi tatu za kawaida hupimwa vivyo hivyo: kutoka chini kwenda kati, kutoka kati kwenda juu, kila hatua iliyo chini ya gharama ya kilichoongezwa ni hatua ya kurudi nyuma.

Lakini wanaotetea vipande nao wana kosa lao, na ni la mara kwa mara. Huacha bei za zamani zilivyo, kisha huongeza kifurushi chenye punguzo na kuiita kazi imekwisha. Turudi kwa mpiga picha wetu: kikao 80, albamu 80, kifurushi 130. Wapenda picha hawapandi, maana kuongeza 50 kwa kitu cha thamani ya 20 hakuna maana kwao. Wapenda albamu vivyo hivyo. Wanaochukua kifurushi ni wale arobaini ambao tayari walikuwa wanalipa 160 kwa vyote viwili. Wamepewa punguzo la 30 bila kulidai. Faida inashuka kutoka 6,300 hadi 5,100, na safari hii hata wastani unashuka, hadi 100. Kifurushi kinafanya kazi pale bei ya kipande inapopanda kumfikia yule anayekipenda kwa dhati. Hapo pana ugumu wa kweli, kwa sababu mteja wa siku nyingi akikuta kikao cha 80 kimekuwa 110, atanung'unika, na haitoshi kumwonyesha kifurushi.

Wanaotaka vifurushi vitupu nao wana mahali ambapo wako sahihi kabisa. Ni pale gharama ya kuongeza kitu kimoja inapokaribia sifuri. Watafiti Yannis Bakos na Erik Brynjolfsson walilionyesha mwaka 1999 kwa bidhaa za habari, kama programu za kompyuta na maandishi ya kidijitali: ukikusanya nyingi pamoja, tofauti za upendeleo kati ya wateja hupungua, na thamani ya jumla ya kifurushi inakuwa rahisi kukadiria kuliko ya kitu kimoja. Kumpa mtu faili asilolihitaji hakukugharimu chochote, kwa hiyo ile hasara ya albamu 30 haipo. Anayeuza mafaili asikopi hesabu ya anayechapa albamu, na anayechapa albamu asikopi orodha ya kampuni ya programu. Nadhani makosa mengi yanatoka kwenye kuigana huku.

Wana hoja nyingine pia: orodha fupi huokoa muda. Mfanyakazi anayejibu maswali ya bei siku nzima na kukokotoa kila mchanganyiko kwa mkono ni gharama, na orodha yenye mistari ishirini humchosha mteja. Nakubali. Ila orodha ya tatu hapo juu ina mistari mitatu tu, na ngazi za vifurushi vitupu pia ni tatu. Urefu hautofautiani, kilichobadilika ni kilichoandikwa.

Kuhusu kuwavuta watu kwenye ngazi ya kati, utafiti wa Itamar Simonson wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba chaguo hupata nguvu linapokaa katikati ya mawili mengine. Mapema zaidi, mwaka 1982, Huber, Payne na Puto walionyesha kwamba chaguo duni linaloingizwa kama chambo humfanya jirani yake apendeze. Chambo hiki kimetangazwa kupita kiasi. Mwaka 2014 Frederick, Lee na Baskin walikijaribu tena na kuona kinafanya kazi zaidi sifa zinapoandikwa kwa namba, na kudhoofika mtu anapoiona bidhaa kwa picha au kuionja mwenyewe. Orodha ya bei ni namba, kwa hiyo huenda ukapata kitu. Lakini ngazi ya juu iliyowekwa kama pambo itanunuliwa na mtu siku moja, na utatakiwa kumtimizia yote yaliyoandikwa humo.

Kipimo kinachofaa, basi, ni faida ukiigawa kwa wote waliouliza bei, wakiwemo walioondoka mikono mitupu. Kwa mpiga picha wetu ni 63 akiuza kimoja kimoja, 60 kwa kifurushi cha 130, 36 kwa kile cha 160, na 81 kwa orodha ya tatu. Kinachotakiwa ni daftari la kuhesabu maulizo, jambo ambalo biashara nyingi hazina kwa sababu zinarekodi risiti peke yake. Katika daftari hilo pawe na safu moja zaidi: waliouliza "bila albamu ni kiasi gani?" Kama bei ya kipande imefutwa na swali hilo linajirudia kila wiki, kundi la wapenda picha lipo mlangoni na orodha haina mstari wake. Kama bei ya kipande imewekwa ipasavyo na kwa miezi kadhaa hakuna anayeigusa, hapo ifutwe, na upande wa vifurushi vitupu utakuwa umeshinda kwa haki.