Lita zilizopungua njiani: dereva alipe zipi?

“Gari limetoka depo na lita 36,000 za petroli, limefika na pungufu ya lita 310. Sili zote nzima. Kwa nini dereva asilipe?”

Shaka hiyo ina msingi. Wizi wa njiani upo, na sili nzima haiumalizi: fimbo ya dipu, ile inayopima kina cha mafuta, inaweza kukatwa ncha ya chini ili isome zaidi, na chumba cha tanki kinaweza kubondwa ndani kikafika alama na mafuta machache. Ndiyo maana wenye vituo wengi hupenda kanuni fupi: samehe asilimia fulani, tuseme 0.3, kinachozidi akilipe dereva. Haina mahesabu wala mabishano. Kwa gari hili, lita 108 zinasamehewa na 202 zinakatwa kwenye mshahara.

Lakini lita haisemi una mafuta kiasi gani mpaka utaje joto lake. Petroli hupungua ujazo kwa takriban asilimia 0.12 kila inapopoa nyuzi 1 ya selsiasi. Gari lilipakia alasiri, mafuta yakiwa na nyuzi 32, likashusha alfajiri yakiwa na 25. Nyuzi 7 kwa lita 36,000 ni kama lita 302. Zilizobaki bila maelezo ni 8 tu, na hizo huweza kuishia kwenye mvuke na unyevu wa mpira wa kushushia. Dereva huyu anakatwa lita 202 ambazo hakuna mtu aliyezichukua.

Ushahidi upo, na haidromita inautoa. Depo, msongamano ulisomeka kilo 0.730 kwa lita, yaani kilo 26,280 kwa mzigo wote. Kituoni lita 35,690 zikasoma 0.7362, karibu kilo 26,275. Ujazo umeshuka, msongamano umepanda kwa kadiri ileile: mafuta yamejikunja. Kama joto lisingebadilika na msongamano ungebaki palepale huku lita zikipungua, hapo kuna aliyechota. Na kama msongamano, baada ya kurekebishwa kwa joto moja, umebadilika, basi tatizo si lita tena. Mafuta yamechanganywa, mathalani na mafuta ya taa, ambayo ni mazito kuliko petroli.

Kinachonisumbua zaidi ni upande wa pili wa kanuni hiyohiyo. Geuza safari: gari lipakie alfajiri kwa nyuzi 25, lishushe alasiri kwa 32. Mafuta yatatanuka kwa lita 302. Mtu anaweza kuchota lita 300 njiani, dipu ikasoma 36,000 kamili, akapongezwa. Kanuni iliyowekwa ili kumnasa mwizi inamficha mchana na kumwadhibu mwaminifu usiku.

Ina hatari nyingine isiyoonekana kwenye vitabu vya hesabu. Dereva anayeogopa makato humwomba mpakiaji apitishe alama kidogo, na hapo anakula nafasi iliyoachwa juu kwa ajili ya mafuta kutanuka; jua likipanda, petroli inatafuta njia ya kutokea. Kituoni atakinga matone ya mwisho ya mpira kwenye ndoo ya plastiki ili aongeze lita mbili tatu. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo chaji inayozalishwa na mafuta yanayotiririka haina pa kwenda, na cheche moja inatosha kuwasha mvuke wa petroli.

Kazi inayotakiwa ni ndogo. Gari lisimame pasipo na mteremko, mafuta yatulie kama dakika 10, kisha joto na dipu vichukuliwe katika kila chumba kabla valvu haijafunguliwa. Angalia pia ankara ya depo imeandikwa lita za joto la kupakilia au lita zilizorekebishwa kwa joto sanifu, maana kuzilinganisha hizo mbili moja kwa moja kunazaa upungufu wa uongo. Na usimhukumu mtu kwa dipu ya tanki la ardhini: tanki la kulala lenye kipenyo cha mita 2.5 na urefu wa mita 6, likiwa nusu, milimita 1 ni karibu lita 15. Pampu ikiuza wakati wa kushusha, kipimo hicho hakifai kabisa.

Hesabu hii nayo ina mpaka wake. Ukikosea nyuzi 1 kwenye kipimajoto, umekosea lita 43. Haidromita ikisomwa vibaya kwa 0.0005, ni lita 24 nyingine. Kwa hiyo zikibaki 50 au 60 baada ya kurekebisha joto, hazimtoshi mtu kuitwa mwizi. Zikibaki 200, dereva ana la kujibu.