Asilimia ya YouTube search inavyosomwa vibaya

Waendeshaji wengi wa chaneli wakifungua ripoti ya Traffic source kwenye YouTube Studio, inayoonyesha watazamaji walitoka wapi, hukimbilia Browse features, yaani waliokutana na video bila kuitafuta. Ikiwa juu, video imefaulu. Ikishuka, video imekufa. Wanaokuja kwa YouTube search huonekana makombo. Hukumu hiyo inawaonea, na kosa linaanzia kwenye asilimia yenyewe.

Chukua video inayoeleza namna ya kuomba TIN mtandaoni. Tuseme katika siku 28 za kwanza imetazamwa mara 4,000: Browse features 2,800, YouTube search 600, External 400, vyanzo vingine 200. Search ina asilimia 15 tu. Miezi mitatu baadaye, katika siku 28 nyingine, imetazamwa mara 900: Search 585, External 135, Browse 90, vingine 90. Sasa Search ina asilimia 65. Anayesoma asilimia peke yake atasema utafutaji umepanda zaidi ya mara nne, kumbe umeshuka kidogo, kutoka 600 hadi 585. Walioondoka ni wa Browse. Ndiyo maana safu ya Views isomwe kwanza, tena kwa vipindi vyenye urefu sawa. Hapo ndipo unaona kwamba watu wenye shida ya TIN hawakuacha kuja hata siku video ilipoonekana imekufa.

Na huenda ni wengi kuliko inavyoonekana, kwa sababu aliyeipata video kupitia Google hahesabiwi kwenye YouTube search. Huwekwa External, pamoja na waliobonyeza kiungo cha WhatsApp. Bonyeza neno External uone mgawanyo wake. Katika mfano wetu, kama 100 kati ya wale 135 wametoka Google, waliotafuta ni 685 kati ya 900.

Wanaotetea Browse wana hoja: yenyewe ndiyo iliyoleta wingi, na mtu aliyekuja kutafuta jibu mara nyingi hulichukua akaondoka bila kugusa video nyingine. Ila Browse hujumuisha ukurasa wa mwanzo pamoja na ule wa chaneli ambazo mtu amejiunga nazo. Zile 2,800 zinaweza kuwa wafuasi wako wa zamani, si wageni. Kabla ya kusema chaneli imepata watu wapya, linganisha na idadi ya watazamaji wapya kwenye kichupo cha Audience.

Faida kubwa ya Search ni kwamba ukiibonyeza inakuonyesha maneno waliyoandika watu. Ukikuta wengi wameandika "TIN iliyopotea", na Average view duration ya neno hilo ni fupi kuliko ya "kuomba TIN", basi walifika wakakosa walichotaka. Video inayofuata iwe ya kurejesha TIN iliyopotea, na kichwa chake kitumie maneno yao hayohayo.