Barua ya nne kwa mzazi asiyeitikia wito: ukali au upole?

Mwalimu mkuu mmoja anauliza: "Mtoto wa darasa la sita anaelekea kuacha shule. Nimemwita mzazi mara tatu, hajaja. Barua ya nne nimtaje mtendaji wa kata, au niendelee kumbembeleza?"

Wanaotaka ukali wana hoja nzito. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria mpaka amalize. Mtendaji wa kata naye akiletewa shauri ataulizia maandishi: mzazi aliitwa lini, kwa jambo gani, na nani aliipokea barua. Mwalimu mkuu aliyekuwa akiita kwa maneno tu hana cha kumwonyesha. Tena muda unakwenda, na kila wiki mtoto anayokosa inamfanya aone haya zaidi kurudi darasani.

Wanaotaka upole nao wanawajua wazazi. Pamoja na elimu kutolewa bila ada, watu wengi wakisikia "unaitwa shuleni" huwaza michango, au kusutwa mbele ya walimu. Mwingine hasomi, na msomaji pekee nyumbani ni huyo huyo mtoro. Ukimwandikia kwa vitisho, atamhamishia mtoto kwa ndugu wilaya nyingine, nawe utabaki na jina tu daftarini.

Kwa maoni yangu, kabla ya kuchagua upande, ulizia kwanza barua tatu za mwanzo zilipita mkononi mwa nani. Kama alizibeba mtoto mwenyewe, usihesabu kwamba mzazi ameitwa. Anayejua barua inamshtaki huichana njiani. Kisha fungua daftari la mahudhurio uone ni siku zipi anazokosa, maana idadi peke yake haisemi mengi.

Tuseme kati ya siku 40 za masomo amekosa 15. Ukizipanga unakuta Jumatano zote 8 zimo, pamoja na Alhamisi 5. Jumatano ni siku ya gulio. Hapo utoro umeshapata sura: mtoto anauza au anabeba mizigo, na kesho yake amechoka. Mzazi wa namna hii hakupuuza kikao kilichopangwa Jumatano asubuhi. Alikuwa sokoni akitafuta chakula cha wiki. Barua yake iwe hivi:

"Ndugu mzazi, tangu shule ifunguliwe Januari mwanao amekosa siku 15 kati ya 40, zikiwemo Jumatano zote. Akiwepo darasani, hesabu anaziweza. Tulikuita mara tatu, na huenda barua hizo hazikukufikia. Naomba tuonane Jumatatu tarehe 17 saa 1:30 asubuhi, au Ijumaa tarehe 21 saa 10 jioni. Usipoweza kuja, mwambie aliyekuletea barua hii siku ya sisi kuja kwako. Hatutazungumzia michango. Tunataka tupange pamoja namna ya siku za gulio. Tusipopata jibu lako hadi tarehe 21, tarehe 24 nitalipeleka jambo hili kwa mtendaji wa kata, kama utaratibu unavyonitaka."

Mtendaji ametajwa, ila mwishoni, na kwa tarehe. Usiandike "Nakala: Mtendaji wa Kata" chini ya barua hii. Wengi huanza kusoma hapo, na mzazi akishaona ameshtakiwa, zile nafasi mbili za kuonana ulizompa hazina maana tena. Hasara ya kuacha nakala hiyo ni siku chache za kusubiri, na naona zinastahili. Lakini ikifika tarehe 24 peleka kweli; ukiahirisha, barua ya tano haitasomwa.

Chapa nakala mbili. Mjumbe awe mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe wa kamati ya shule anayeheshimika pale, aisome kwa sauti, kisha mzazi atie sahihi au dole gumba kwenye nakala itakayorudi shuleni. Akikataa, mjumbe aandike tarehe na saa. Hiyo karatasi ndiyo ushahidi wanaoudai watu wa ukali, na imepatikana bila kumtisha mtu.

Upole huu una mpaka. Ukisikia binti anaandaliwa ndoa, ana ujauzito au anapigwa nyumbani, usimwandikie mzazi barua yenye tarehe, maana utampa muda wa kumficha. Nenda siku hiyo hiyo kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30, na kuna wazazi wanaolijua hilo vizuri.

Kwa mtoto wa gulio, mzazi akija, msimwombe aahidi "mahudhurio mazuri". Ulizeni nani mwingine anaweza kubeba mizigo Jumatano, au kama mtoto anaweza kumfuata sokoni baada ya kutoka shule, kisha andikeni mlichokubaliana. Mwalimu wa darasa aangalie daftari Jumatano mbili zinazofuata, na siku ya kwanza mtoto asipoonekana, mjumbe yule yule arudi kwa mzazi jioni hiyo hiyo.